Barua ya viatu vya Somoe

Barua niliyompelekea mwalimu mkuu, kuomba binti yangu Somoe aruhusiwe kuvaa raba za kijivu badala ya viatu vyeusi vya sare kwa kuwa mguu wake mmoja ni mfupi, ilikuwa ya ukurasa mmoja, na sehemu kubwa ya ukurasa huo ilihusu soli. Wapo walioisoma kabla sijaipeleka wakaniambia nimeacha mambo mazito: mtoto alivyoteseka, anavyochekwa, haki zake. Niliyaacha makusudi. Mwalimu mkuu hakuwa na ugomvi na maumivu ya mtoto wangu. Alichokuwa nacho ni raba za kijivu katikati ya mstari wa viatu vyeusi, na wazazi wengine waliokuwa wanaziona. Barua ilitakiwa imsaidie kulitatua hilo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, Mtwara. Kila Januari nashona sare, zikiwemo za shule anayosoma Somoe, kwa hiyo naijua sare kwa ndani: rangi ya sketi, upana wa marinda, pindo liishie wapi. Na kwa kweli ni pindo ndilo lililonionyesha tatizo. Nilikuwa nimemshonea sketi mpya, nikamsimamisha kizingitini nimtazame. Upande wa kushoto pindo lilikuwa limeshuka. Nikafumua, nikapima kitambaa mezani, kiko sawasawa. Nikamvalisha tena, limeshuka vilevile. Nilipoweka viganja viwili juu ya mifupa ya nyonga zake, kile cha kushoto kilikuwa chini.

Sababu tuliijua, ila hatukujua kwamba bado inaendelea. Akiwa na miaka 8 alianguka kwenye mwembe, mfupa wa paja la kushoto ukavunjika karibu na goti. Akafungwa hogo, mfupa ukaunga, akarudi kucheza. Tukahesabu limekwisha. Baadaye daktari wa mifupa akatufafanulia kwa picha ya eksirei kwamba mifupa ya mtoto hurefukia kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, na kwa mfupa wa paja gegedu la upande wa goti ndilo linalofanya kazi kubwa. Hilo peke yake huongeza karibu milimita 9 kwa mwaka. La Somoe liliumia wakati ule, likafunga kabla ya wakati wake. Mguu wa kulia ukaendelea kurefuka, wa kushoto ukabaki unategemea gegedu la nyonga na yale ya chini ya goti. Ndiyo maana mwaka wa kwanza hakuna aliyeona kitu, na alipofika miaka 11, darasa la tano, tofauti ilikuwa sentimita 3.

Sentimita 3 ukizitaja hazitishi. Watu wengi wana tofauti ndogo ya miguu na hawajui mpaka wanakufa, na chini ya sentimita 2 mara nyingi daktari hasemi lolote zaidi ya kufuatilia. Lakini kwa mtoto anayetembea mchangani kwenda shule na kurudi, 3 zinaonekana. Somoe alikuwa anakanyagia vidole upande wa kushoto ili afikie chini, na akisimama kwa muda alikunja goti la kulia. Ndala zake zilionyesha hivyohivyo: ya kushoto imelika mbele tu, kisigino kipya. Jioni alikuwa anashika kiuno kama bibi.

Hospitali tulipewa cheti cha kwanza kilichoandikwa kwamba mtoto apatiwe viatu maalumu. Maneno hayo ni kweli tupu, na hayakutusaidia chochote. Mwalimu wa zamu alikisoma pale getini akamwambia Somoe, “Sawa, mama akununulie hivyo maalumu, viwe vyeusi.” Nami simlaumu. Cheti hakikusema maalumu kwa namna gani, wala kwa nini visiwe vyeusi. Mtu yeyote angedhani ni vile viatu laini vya bei ghali vya dukani.

Nikarudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia nikamwomba aandike vipimo. Alipima mara mbili kwa njia mbili. Kwanza alitumia futi ya kitambaa kama yangu, kutoka ule mfupa wa nyonga unaotokeza mbele hadi fundo la ndani la kifundo cha mguu, mtoto akiwa amelala. Kisha akamsimamisha na kuanza kuingiza vibao vyembamba chini ya mguu wa kushoto, kimoja baada ya kingine, kila kimoja nusu sentimita, huku vidole vyake viko juu ya nyonga zote mbili. Kilipoingia cha sita nyonga zikalingana. Yeye aliamini vibao kuliko futi, na mimi kama fundi nilimwelewa. Nguo haipimwi mezani, inapimwa mwilini.

Akaandika kiatu kinyanyuliwe sentimita 2.5, wala siyo 3. Nilipouliza kuhusu ile nusu iliyobaki, akasema inaachwa makusudi, maana mguu ulionyanyuliwa kamili hukwama chini wakati wa kuupeleka mbele, na mwili ulikuwa umeshazoea kupungukiwa. Katika zile 2.5, sentimita 1 ikae ndani ya kiatu kama soli ya ndani, na 1.5 iongezwe chini. Zote haziwezi kukaa ndani, kwa sababu kisigino kitapanda mpaka kichomoke kiatuni kila akipiga hatua. Na ya chini iende urefu wote wa kiatu. Ukinyanyua kisigino peke yake, mguu unateremkia mbele na vidole vinabanwa.

Hapo ndipo hadithi ya viatu vyeusi inapoingia, na ndipo ilipo hoja nzima ya barua.

Nilipeleka kwa fundi viatu sokoni jozi mbili: viatu vyake vya sare, vile vya plastiki vinavyong’aa, na raba za kijivu za mtumba zenye soli bapa. Nilitaka sana aviongeze vile vyeusi, nimalizane na shule. Fundi akakigeuza kile cha sare, akakata kidogo kwenye kisigino kwa kisu. Ndani kulikuwa na matundu matupu kama sega la nyuki. Soli ya namna ile hufinyangwa kwa mashine, inaonekana nene kumbe ndani kuna hewa. Ukiikwangua ili ipokee nyongeza, unafungua vyumba, na gundi haina pa kushika. Juu ya hilo, gundi ya kawaida ya mafundi haishiki vizuri kwenye plastiki ile. Alijaribisha kipande mbele yangu, kesho yake kikabanduka kizima bila hata kuvutwa kwa nguvu.

Raba ilikuwa habari nyingine. Soli yake ni bapa na imejaa, haina kisigino kilichotokeza. Fundi alipiga msasa soli na kile kipande cha sponji ngumu, ya aina ile ya ndala nzito, akapaka gundi pande zote mbili, akaacha mpaka ukigusa kwa kidole hainati tena, ndipo akavibananisha na kuvigonga kwa nyundo. Akaviacha vilale hadi asubuhi. Akataka kutumia mpira wa tairi, nikamkatalia, kwa kuwa mtaalamu alishaniambia uzito. Kiatu kizito upande mmoja kinamchosha mtoto kuliko ufupi wenyewe. Tairi tuliweka utando mwembamba tu kwa chini, usilike upesi. Mbele, chini ya vidole, akapunguza kidogo na kuzungusha ncha ili mguu ubingirike unaponyanyuka. Na chini akaacha upana uzidi kidogo kuliko juu, maana kiatu kilichonyanyuliwa kinapenda kulala upande na kuteguka kifundo, hasa kwenye mchanga wetu huu.

Somoe alipovaa nikamsimamisha kizingitini palepale. Pindo lilikuwa karibu sawa. Ile nusu sentimita ilikuwepo, ukiijua unaiona.

Sasa barua. Naiweka kama ilivyokuwa, nimeondoa majina na anwani tu.

Mikindani, Mtwara.
Januari 2025.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ______.

Kupitia kwa: Mwalimu wa Darasa la Tano.

YAH: OMBI LA MWANAFUNZI SOMOE ______ KUVAA VIATU VYA TIBA BADALA YA VIATU VYA SARE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita 3, baada ya kuvunjika paja karibu na goti. Hospitali imeagiza avae jozi ya viatu ambayo cha kushoto kimenyanyuliwa sentimita 2.5. Cheti chenye vipimo nimekiambatisha.

Naomba aruhusiwe kuvaa jozi hiyo muda wote awapo shuleni, pamoja na mstarini na wakati wa usafi. Viatu hivyo ni raba za kijivu, kamba nyeusi. Viatu vyake vya sare havikuweza kunyanyuliwa, kwa kuwa soli zake zina uwazi ndani na hazishiki gundi. Nitavileta uvione.

Naomba avae viatu vyote viwili vya jozi hiyo. Nyongeza ya kushoto imepimwa kwa kulinganisha na kiatu cha kulia cha jozi hiyohiyo.

Soksi, sketi na shati atavaa kama sare inavyotaka. Nikipata jozi nyeusi yenye kipimo hiki nitabadilisha na kukujulisha.

Atapimwa tena mwezi Juni, na kipimo kinaweza kuongezeka. Naomba ruhusa hii iwe hadi wakati huo, nami nitaleta cheti kipya.

Mwisho, naomba walimu wa zamu wajulishwe, na mtoto apewe nakala ya kibali chako akae nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Somoe.

Shemeji yangu, ambaye anapenda mambo ya sheria, alitaka niweke Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kwenye aya ya kwanza. Sheria ipo, na elimu imo ndani yake. Lakini kwa maoni yangu barua ya kwanza kwa mtu mwenye uwezo wa kukubali haianzi na sheria. Ukimwonyesha rungu kabla hajakataa, atakujibu kama mtu anayejitetea, na jibu lake litapita kwanza kwa wakubwa wake. Sheria niliiweka akiba. Kama angekataa kwa maandishi, ningeenda na barua yake kwa Afisa Elimu Kata, na pale ningeitaja. Sikufika huko.

Ile aya ya Juni nayo ilibishaniwa nyumbani. Baba yake aliona ni kujifunga: kwa nini tuombe miezi michache wakati mtoto ataishi na mguu huo? Nikamwambia mwalimu mkuu anaogopa ruhusa isiyo na mwisho kuliko anavyoogopa raba. Tena ni kweli ya kitaalamu. Wasichana mara nyingi humaliza kurefuka miguu karibu na miaka 14. Somoe ana miaka 11, kwa hiyo kila mwaka tofauti itaongezeka karibu sentimita moja mpaka hapo, labda daktari aingilie kati. Kuna upasuaji wa kulisimamisha gegedu la mguu wa kulia ili ule mfupi usizidi kupitwa, nao una wakati wake. Ukichelewa hauna faida, maana ukuaji wenyewe umeisha. Tumeambiwa tutazungumza mwaka kesho kwa picha mpya. Kibali kilichoandikwa “kiatu cha sentimita 2.5” bila tarehe kingepitwa na mguu.

Nilikwenda mwenyewe na barua, na viatu vinne kwenye mfuko. Mwalimu mkuu ni mtu mtaratibu. Nikamwamkia, akaisoma barua yote, kisha akasema wazi kinachomsumbua.

“Mama Somoe, mimi nakuelewa. Lakini nikimruhusu huyu, wiki ijayo nina watoto kumi na raba, kila mmoja anaumwa mguu.”

“Mwambie kila mmoja alete cheti chenye sentimita, Mwalimu.”

Akacheka. Kisha akatoa pendekezo lake, na lilikuwa pendekezo la mtu mwenye nia njema: Somoe avae raba iliyonyanyuliwa mguu wa kushoto, na kiatu cheusi cha sare mguu wa kulia. Angalau nusu ya sare iwepo.

Nililitarajia hilo, ndiyo maana niliandika ile aya ya viatu vyote viwili. Lakini maneno ya kwenye karatasi hayakutosha. Nikamwomba rula. Nikaweka mezani, juu ya gazeti, raba ya kulia na kiatu cha sare cha kulia, kisigino kwa kisigino. Akapima mwenyewe kutoka mezani hadi pale mguu unapokanyaga ndani. Kiatu cha sare kilikuwa juu zaidi kwa sentimita 1.5. Tukapiga hesabu pamoja. Mguu umepungukiwa 3, umeongezewa 2.5, imebaki nusu. Ukimwinua upande wa kulia kwa 1.5, pengo linarudi kuwa 2. Yaani zaidi ya nusu ya kazi ya fundi imeliwa na kiatu cha upande wa pili. Akakiangalia kile kiatu cheusi kwa muda, akasema, “Kumbe vina visigino hivi.”

Akaandika kibali palepale chini ya barua yangu, akagonga muhuri, akataja tarehe ya mwisho kuwa Juni. Akaongeza sharti ambalo sikulifikiria: viatu vile vibaki vya shule, asivitumie kwa michezo ya kukimbizana mpaka mtaalamu aseme. Nilikubali haraka. Soli ya juu na mbio za watoto haviendani, na kifundo kikiteguka tungekuwa na mguu wa kuuguza juu ya mguu mwingine.

Nakala tuliikunja tukaibandika ndani ya jalada la daftari lake la hesabu. Imefanya kazi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu zamu hubadilika kila wiki na si kila mwalimu anakumbuka kilichosemwa ofisini. Mara ya kwanza alipotolewa mstarini alifungua daftari, mwalimu akasoma, akamrudisha. Wanafunzi ndio waliomsumbua zaidi, kwa jina la utani ambalo sitaliandika, na hilo halikuwa kwenye uwezo wa barua. Limepungua baada ya mwalimu wa darasa kumwita kila mtoto aje asimame juu ya kitabu kwa mguu mmoja, mwingine chini, kisha atembee hadi ubaoni. Hiyo haikuwa rai yangu, ni yake, na ningependa aisikie ikisifiwa.

Kiatu chenyewe nacho kina mambo yake. Mchanga unaingia kwenye maungio na kuyasaga, na wakati wa masika gundi inalegea kuanzia kwenye ncha ya mbele. Kila Jumamosi nakikunja kwa mikono na kutazama pale vidole vinapokunjia. Ukiona mstari mweupe au ukucha unaingia, kinapelekwa kwa fundi kabla hakijafunguka chote njiani. Soli ya ndani nayo hubonyea, sponji ikiwa laini sana inapoteza nusu ya unene wake bila mtu kujua, na dalili ya kwanza ni mtoto kuanza tena kukanyagia vidole. Ya kwanza ilibonyea hivyo, fundi akaibadilisha kwa sponji ngumu zaidi.

Rangi nilijaribu. Niliipaka raba ya kulia kiwi nyeusi, ikashika kwenye ngozi ya bandia na kukataa kwenye kitambaa, ikawa na madoa kama mbuzi, na soksi nyeupe zikaharibika siku hiyohiyo. Nikaiosha. Jozi nyeusi ya ngozi, yenye soli ya kuongezwa, tumeambiwa inaweza kutengenezwa Dar es Salaam kwenye karakana za viungo bandia, na tumeanza kuweka akiba ya nauli. Sina haraka sana, maana kiatu cha ngozi cha kupimiwa kwa mguu unaobadilika kila nusu mwaka kinaweza kuwa hasara.

Juni alipimwa. Vibao vilifika sita, cha saba kikazidi kidogo; mtaalamu akaandika sentimita 3.4 na kuagiza nyongeza ipande hadi 2.9. Fundi akaongeza utando chini, ndani tukaacha kama ilivyo. Barua ya pili haikuzidi mistari mitano: tarehe ya barua ya kwanza, kipimo kipya, cheti kipya, viatu ni vilevile, ombi la kuongeza muda. Mwalimu mkuu alisaini akiwa amesimama mlangoni. Kibali cha sasa kinaishia Januari.